Je, Wajua Kikomo Kipya cha Kadi Kinaweza Kukutoza Kabla Hujanunua Chochote?

Meseji ya benki ya kukupandishia kikomo huanza kwa "Hongera". Mteja mpendwa, kikomo cha kadi yako kimependekezwa kupanda kutoka shilingi 100,000 hadi 250,000. Jibu NDIYO kukubali. Watu hushangilia kana kwamba mshahara umepanda. Ukweli ni kwamba benki imeamua ni deni kubwa kiasi gani iko tayari kukubebesha. Meseji hiyo ni ya biashara, na ajabu ni kwamba mambo matatu yanayoamua gharama yake huwa hayamo humo ndani: ada ya mwaka, riba, na jinsi riba hiyo inavyohesabiwa.

Tuanze na ada, maana hapo ndipo wengi hupigwa bila kujua. Benki nyingi hupanga kadi kwa madaraja: ya kawaida, ya dhahabu, ya platinamu, na kila daraja lina kikomo chake. Kikomo kikivuka mpaka wa daraja, unaweza kuhamishiwa kadi ya juu, na ada yake ya mwaka inakuja nayo. Tuseme kadi ya kawaida ina ada ya shilingi 3,000 kwa mwaka na ya dhahabu 6,500. Umekubali kikomo kipya Jumatatu, hujanunua hata kiberiti, na tayari unadaiwa 3,500 zaidi kwa mwaka. Ada hiyo haiji kwa bili ya kando. Inakatwa kwenye kadi yenyewe, inageuka sehemu ya deni, na usipoilipa kwa wakati nayo inaanza kuzaa riba. Kwa hiyo swali la kwanza kwa benki ni moja: je, nabaki na kadi ileile au inabadilishwa?

Sasa riba. Chukua taarifa ya kadi ya mwezi uliopita, tafuta kiwango cha riba kwa mwezi, kisha ukilinganishe na kile kilichoandikwa kwenye barua ya ofa au kwenye vigezo na masharti mapya. Usiridhike na maneno ya simu. Kama barua haitaji riba kabisa bali inasema "masharti yanayotumika sasa yatahusika", omba nakala ya masharti hayo, kwa sababu kukubali ofa kunaweza kuwa ndiyo saini yako ya kukubali mkataba mpya mzima. Na hapo uliza swali ambalo maofisa wengi hawalitarajii: kiwango kipya kitahusu manunuzi mapya tu, au na deni la zamani nililokuwa nalo? Ukikuta kiwango cha chini cha kuvutia, angalia kinaisha lini.

Lakini kiwango chenyewe si kitendawili kikubwa. Kitendawili ni hesabu yake, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Kadi nyingi hukupa muda usio na riba. Unanunua, taarifa inatoka, unapewa tarehe ya mwisho ya kulipa, na ukilipa deni lote kufikia tarehe hiyo hudaiwi riba hata senti. Watu hudhani kwamba ukilipa sehemu kubwa, riba itatozwa kwenye kile kilichobaki tu. Kwa kadi nyingi sivyo. Ukibakiza chochote, muda ule wa neema unafutwa, na riba inahesabiwa siku kwa siku juu ya deni lote, kurudi nyuma hadi siku uliyonunua.

Mfano. Mwalimu mmoja wa kubuni, mwenye kikomo cha 100,000, kila mwezi alikuwa analipa kadi yake yote. Anakubali ofa ya 250,000, na tarehe 5 Machi ananunua friji na seti ya viti kwa 120,000, manunuzi ambayo kikomo cha zamani kingeyakataa pale dukani. Taarifa inatoka tarehe 25 Machi, mwisho wa kulipa ni 15 Aprili. Siku hiyo analipa 100,000, anabakiza 20,000. Riba ya kadi ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Yeye anatarajia riba ya kama 600, asilimia 3 ya 20,000.

Benki inahesabu hivi: 120,000 kwa siku 41, kuanzia 5 Machi hadi 15 Aprili, ni takriban shilingi 4,853. Kisha 20,000 kwa siku 10, hadi taarifa ya 25 Aprili, ni 197. Jumla 5,050. Zaidi ya mara nane ya alichotarajia, na hakuna aliyemdanganya. Yote yameandikwa kwenye masharti, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Ndiyo maana nasema kiwango cha riba kinaweza kubaki kilekile kabisa na bado kikomo kipya kikakupandishia riba unayolipa, kwa kukutoa tu kwenye kundi la wanaolipa yote na kukutia kwenye kundi la wanaobakiza. Zipo benki zinazotoza kilichobaki peke yake. Yako ni ipi? Uliza, na jibu walitoe kwa maandishi.

Kuna na malipo ya chini kabisa ya mwezi. Ikiwa ni asilimia 10 ya deni, kadi iliyojaa ya 100,000 inakudai 10,000 kila mwezi, ile ya 250,000 inakudai 25,000. Linganisha namba hiyo na mshahara unaobaki baada ya makato, usiilinganishe na mshahara ulio kwenye barua ya ajira.

Australia walichoshwa na meseji hizi. Tangu tarehe 1 Julai 2018, benki za huko haziruhusiwi kumpelekea mteja ofa ya kuongeza kikomo cha kadi ambayo hakuiomba. Marekani, sheria ya kadi ya mwaka 2009 inailazimu benki kuangalia uwezo wa mteja kulipa kabla ya kumwongezea kikomo, na kupandisha riba kwa kawaida kunahitaji notisi ya siku 45. Kwetu bado pongezi zinamfikia mteja saa tatu usiku, na kazi yote ya kusoma kilichofichwa ameachiwa yeye. Kwa maoni yangu, ofa isiyotaja riba na ada ndani ya ujumbe wenyewe haikupaswa kuruhusiwa kutumwa.

Yaliyobaki, kwa haraka: angalia kikomo cha kutoa pesa taslimu, maana pesa za ATM kwa kadi ya mkopo huwa na ada papo hapo na hazina muda wa neema, angalia ada ya kuvuka kikomo, na kama riba na ada zenyewe zinaweza kukuvusha, bima ya mkopo, kama inatozwa juu ya deni au juu ya kikomo, ada ya kuchelewa, na uthibitishe ofa kwa kupiga namba iliyo nyuma ya kadi, usibonyeze kiungo cha kwenye meseji wala kumtajia mtu namba ya siri.

Na ofa si lazima uikubali nzima au uikatae nzima. Ukihitaji 150,000, iandikie benki uombe 150,000 kwenye kadi yako ileile ya daraja la sasa, kwa riba ya sasa. Wakikataa, kikomo chako cha zamani bado unacho.