Ukimwaga maji ya wali, wanga unabaki kwenye sufuria

Katika kliniki ya kisukari hapa Dodoma swali hili halikosekani: "Daktari, nikipika wali kwa maji mengi halafu nikayamwaga, si sukari yote imetoka?" Anayeuliza mara nyingi ameshaanza kufanya hivyo. Anajipakulia sahani iliyojaa akiamini ameshajikinga, na kipimo cha saa mbili baada ya kula kinapopanda analaumu dawa.

Sukari haikutoka. Chukua mchele mweupe gramu 200, yaani kikombe kimoja cha chai kikubwa. Ndani yake mna wanga wa gramu 160 hivi. Wanga huo umefungwa ndani ya punje. Maji yakifikia nyuzijoto 70 au zaidi kidogo unafyonza maji, unavimba na kugandamana humo humo. Unaovuja ni ule wa juu ya punje na wa kwenye chenga, na kwa kawaida vyote vinavyoyeyukia kwenye maji hayo havifiki gramu 20. Asiyeamini ayarudishe motoni maji aliyomwaga, ayakaushe taratibu, kisha akwangue sufuria. Atapata utando wa kujaza kijiko kikubwa kimoja au viwili. Uliobaki wote uko kwenye wali, unasubiri kuliwa na kugeuka sukari mwilini. Kitu kinachoondoka kwa wepesi ni vitamini B1, ambayo mchele mweupe tayari unayo kidogo, kwa kuwa mashine ya kukoboa imeshaitoa pamoja na pumba.

Wengine wamehamia mchele wa brauni kwa imani ile ile, wakila sahani mbili kwa kuwa "hauna sukari". Gramu 200 za wali mweupe ulioiva zina wanga wa gramu 55 hivi. Wa brauni, uzito huo huo, unakaribia gramu 50. Faida yake ni nyuzilishe, madini na vitamini zilizobaki kwenye pumba, na sukari kupanda taratibu zaidi. Sahani ya pili inaifuta faida hiyo. Ubaya wake ni kwamba pumba ina mafuta, na kwa joto la Dodoma mafuta hayo huchacha. Ukifungua mfuko ukasikia harufu ya mafuta ya zamani, usiununue. Nunua kidogo kidogo, uhifadhi kwenye friji.

Mchele ninaotamani watu wauelewe ni ule wa manjano-manjano unaouzwa kwenye pakiti, ambao wengi huuogopa wakidhani umetiwa rangi au umezeeka. Mpunga wake huloweshwa, hupigwa mvuke ukiwa bado na ganda, hukaushwa, ndipo ukakobolewa. Mvuke husukuma sehemu ya vitamini B kutoka kwenye pumba hadi ndani ya punje, kwa hiyo mashine haiziondoi zote. Wanga nao, baada ya kuiva na kupoa, hujipanga upya na kuwa mgumu kiasi kwa tumbo kuuvunja. Ndiyo maana hauwi bokoboko hata kwenye sufuria la harusi, na kwa kawaida sukari haipandi haraka kama kwa mweupe. Nyuzilishe zake, hata hivyo, hazifikii za brauni.

Kuhusu urefu wa punje: mchele mrefu mwembamba kwa kawaida una wanga wa aina isiyonata, hivyo wali wake unachambuka, na mara nyingi sukari yake hupanda polepole kuliko ya punje fupi nene zinazoshikana. Lakini jicho hudanganya, kwani zipo punje ndefu zinazonata. Ukiwa Majengo sokoni, usiridhike na maelezo kwamba ni wa Kyela au wa Bahi. Nunua robo kilo, upike kidogo, uache upoe. Ukikakamaa na kuachana, ni wa aina isiyonata. Ukibaki laini na kushikana, ni wa kunata. Kumbuka pia mchele wa mavuno mapya hunata kuliko uliokaa ghalani.

Sasa jikoni. Mweupe mrefu: kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja na nusu hadi viwili, mpya upunguzie maji. Mfupi: kikombe na robo yatosha. Uliopigwa mvuke: vikombe viwili na robo, dakika 25. Brauni: uloweke usiku kucha, maji vikombe viwili na nusu, dakika 45 hadi saa nzima, maana kwenye mwinuko wetu wa mita 1,100 hivi maji huchemka kwenye nyuzijoto 96. Mwenye kisukari apakue wali robo ya sahani, mlenda au mboga nyingine za majani nusu, maharage au samaki robo iliyobaki, na asiache dawa kwa sababu ya mchele wowote. Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, kisilale mezani.