Chaneli ni ya Usharika, Akaunti ni ya Nani?

Chaneli nyingi za YouTube za makanisa, misikiti na shule zetu zilifunguliwa kwa haraka, hasa kipindi cha korona mwaka 2020, na kijana mmoja mwenye simu nzuri, kwa Gmail yake mwenyewe. Ibada ikarushwa, watu wakafuatilia, na suala la mmiliki halikumjia mtu akilini mpaka kijana alipopata kazi Maskati.

Tuseme ni usharika wenye kwaya tatu na mahubiri ya miaka kadhaa mtandaoni. Nenosiri lipo, limeandikwa kwenye daftari la ofisi. Jumapili asubuhi katibu anajaribu kuingia kwa kompyuta mpya. Google inaona kifaa kisichokijua, inatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya kijana, na kijana yuko zamu. Hapo bado kuna nafuu, maana atapokea baadaye. Laini yake ya zamani ikiwa imefungwa kwa kutotumika na kuuzwa kwa mtu mwingine, ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu barua yenye mhuri wa usharika haifungui Gmail ya mtu.

Dawa ipo, lakini ifanyike kijana akiwa bado anapatikana. Chaneli inaweza kufungwa kwenye akaunti ya mtu binafsi, au ikakaa chini ya kile Google inachokiita Brand Account, ambayo inaruhusu wamiliki zaidi ya mmoja, kila mtu akiingia kwa Gmail yake. Kijana akiwa kwenye YouTube anafungua "Settings", kisha "Advanced settings", na kuchagua "Move channel to a Brand Account". Asome onyo linalotokea kabla ya kukubali: Brand Account anayohamia ikiwa tayari ina chaneli, chaneli hiyo itafutwa na video zake. Kwaya ya vijana iliyokuwa na chaneli yake pembeni inaweza kupotea hivyo hivyo kwa kubofya mara moja.

Baada ya kuhamisha, anawaalika katibu na mwenyekiti wawe "Owner". Mmoja wao akitakiwa kuwa "Primary owner", yaani mmiliki mkuu, lazima kwanza awe mmiliki kwa siku saba. Kwa hiyo shughuli hii haianzi jioni ya kuamkia safari. Wapiga video wao hawahitaji umiliki. Wapewe nafasi ya "Editor" kupitia "Permissions" ndani ya YouTube Studio; wataweza kupakia na kuhariri, lakini hawawezi kufuta chaneli. Uongozi ukibadilika, majina nayo yabadilishwe kwenye kikao kile kile cha makabidhiano.

Upande wa ruhusa ya kupiga picha, mimi huhofia zaidi maombi kwa wagonjwa kuliko wimbo wa kwaya. Mchungaji anataja jina la mama fulani na ugonjwa wake, mama mwenyewe analia mbele ya madhabahu, na kamera inaendelea. Mliomo ndani mnaomba naye. Aliye nje, pamoja na mwajiri wake, anapata habari tu. Wanaorusha matangazo wakubaliane na mchungaji ishara moja: ikitolewa, picha inahamia msalabani na kipaza sauti kinazimwa. Msikitini hali ni hiyo hiyo kwa anayesilimu leo ambaye nyumbani kwao hawajui.

Haitoshi kusema tutarekebisha baadaye. Matangazo mubashara yasiyozidi saa 12 huhifadhiwa yenyewe kwenye chaneli, na kilichokwisha kuonekana kimeonekana. Studio ina kifaa cha kufifisha nyuso, lakini kinafanya kazi kwa video iliyokwisha kupakiwa.

Kwa watoto, tangazo la mdomoni halifai kitu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fomu ya mzazi iseme wazi kwamba video itawekwa YouTube, kwamba kila mtu ataiona, na nani apigiwe simu mzazi akibadili mawazo. Mtoto ambaye fomu yake haijarudi aimbe kama wenzake, ila asimame pembeni ambako kamera haifiki. Pembe hiyo ipimwe Jumamosi wakati wa mazoezi, kamera ikiwa mahali pake, kisha sakafuni ibandikwe gundi ya karatasi kuonyesha mpaka.