Jirani, gusa udongo kabla ya kumwagilia

Mama Zuhura,

Nashukuru sana kwa kukubali kuyaangalia maua yangu ya ndani wiki hizi mbili nitakapokuwa Moshi. Ufunguo nimemwachia Zuhura. Nimeona heri nikuandikie, maana maua haya hayafanani, na maji yanayoliponya moja huliua jingine.

Ninachokihofia zaidi si kiu, ni huruma. Mtu akiachiwa maua ya mwenzake huyamwagilia kila siku ili asije akalaumiwa. Lakini mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukiwa umelowa muda wote, hewa inakosa pa kupita, mizizi inaoza, na juu huoni kitu mpaka mambo yameshaharibika. Kwa hiyo usihesabu siku. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevunyevu, liache. Ukikuta pakavu, mimina taratibu mpaka maji yatokee kwenye matundu ya chini, subiri kama nusu saa, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani.

Yale mawili ya ukumbini, lenye majani magumu marefu jamii ya mkonge na lile la majani yanayong'aa, usiyape hata tone. Yote ni ya nchi kavu za Afrika. La kwanza huweka maji ndani ya majani yake, la pili huyaweka kwenye viazi vilivyo chini ya udongo. Nimeyanywesha kabla ya kuondoka. Hayo yamejitosheleza mpaka nirudi. Mshubiri wa dirishani vilevile.

Linalokunywa sana ni lile la ua jeupe karibu na mlango wa jikoni. Kwa joto hili la Februari huenda likataka maji mara mbili kwa wiki, na litakuambia lenyewe: majani yote hulala. Usishtuke, ila usikimbilie jagi. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu na chungu kikiwa chepesi ukikiinua, ni kiu. Lipe maji na baada ya saa chache utalikuta limesimama tena. Lakini likiwa limelala na huku udongo umelowa, hasa ukinusa harufu ya uvundo, ujue mizizi imeanza kuoza na haiwezi tena kuvuta maji. Ukiongeza mengine unalimaliza. Hapo mwaga maji ya kisahani, lisogeze penye upepo lakini si juani, uliache likauke.

Sasa nikuombe subira kwa kile chungu kidogo kilicho mezani, chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Hilo ni ua la Usambara. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli ndani ya misitu ya milimani. Enzi za Wajerumani, ofisa wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kutokana na jina la ukoo wake. Leo linapambwa madirishani karibu dunia nzima, na wengi hawajui kwamba asili yake ni kwetu.

Manyoya yake hayapendi kuloweshwa. Maji yenye ubaridi kuliko jani yakiliangukia huacha mabaka meupe yasiyofutika, na yakituama katikati, pale majani machanga yanapochipua, panaoza. Kwa hiyo hili hunyweshwa kwa chini. Udongo wa juu ukikauka, weka maji ya kina cha vidole viwili kwenye bakuli la bluu, tumbukiza chungu, ukiache kwa dakika 20 hivi mpaka udongo wa juu uonekane umeiva unyevu. Kitoe, kichuruzike, ukirudishe mahali pake, mbali na jua la mchana.

Maji yachote asubuhi kwenye ndoo niliyoiacha bafuni. Usitumie ya bomba saa saba mchana: tangi liko juu ya paa na wakati huo maji yake ni ya moto. Ya friji pia hayafai. Feni usiielekeze kwenye maua, kwani hukausha majani kuliko mizizi inavyoweza kuyarudishia maji. Pazia la ukumbini liache nusu wazi. Mbolea usiweke kabisa.

La mwisho ni kuhusu mjukuu wako, maana najua atakufuata. Lile la ua jeupe na lile la majani yanayong'aa yana chembe ndogondogo zinazochoma mdomo na ulimi yakitafunwa. Nimeyapandisha juu ya kabati, lakini ukiyashusha kuyakagua, mtoto awe mbali. Ikitokea ametafuna, mtoe vipande mdomoni, msukutue kwa maji safi. Ukiona midomo inavimba au anashindwa kumeza, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue jani moja umwonyeshe daktari.

Jirani yako,
Mama Neema