Hesabu Pampu, Usihesabu Shilingi

Mwishoni mwa Juni 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 140 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Wafanyabiashara wengi wa Nairobi waliofilisika polepole katika miezi hiyo waliamini wanapata faida, na daftari zao zilisema hivyo.

Chukua muuzaji aliyeleta pampu 100 za maji kwa dola 50 kila moja, nauli ikiwemo. Ushuru tuuweke kando. Kwa dola ya 140, mzigo ulimgharimu 700,000. Akaongeza asilimia 20, akauza kila pampu 8,400, akakusanya 840,000. Kodi ya duka, mishahara na matumizi ya nyumbani vikala 100,000, akabaki na 740,000. Daftari linaonyesha ziada ya 40,000. Lakini anaporudi kuagiza, dola ni 160 na pampu ni 8,000. Pesa zake zinanunua 92 tu. Pampu nane zimeyeyuka bila kuibwa.

Ndiyo maana bei hupigwa kwa dola utakayoinunua kesho, si ile uliyoinunua jana. Na dola hiyo ni ile benki yako inayokuuzia. Mapema 2023, dola zilipoadimika, benki ziliuza ghali kuliko kiwango kilichotangazwa na Benki Kuu. Tena usingoje siku ya kuagiza: kila wiki, sehemu ya mauzo iliyo mtaji igeuze dola, uiweke kwenye akaunti ya dola. Ukifanya hivyo, huna haja ya kubadilisha bei kila asubuhi na kuwachosha wateja. Anayekopesha kwa siku 60 ndiye aliye hatarini zaidi, maana bei yake imefungwa huku dola ikitembea.

Dola ikishuka, kanuni ni ileile, ila inauma. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa mapema sehemu kubwa ya deni lililokuwa linaiva Juni. Shilingi ikapanda ghafla. Kufikia mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu 130. Aliyenunua pampu kwa 8,000 akamkuta jirani ameagiza kwa 6,500 na anauza 7,800. Wengi waling'ang'ania bei ya zamani, na mizigo ikakaa ikipata vumbi. Kuuza 7,800 ni hasara ya 200 kwa kila pampu, lakini pampu 100 zinaleta 780,000, na hizo zinanunua pampu 120 mpya.

Hesabu hiyo humwendea vizuri aliyetumia mtaji wake mwenyewe. Aliyekopa shilingi 800,000 benki anadaiwa 800,000 zilezile na riba juu, hata pampu ziwe nafuu namna gani. Deni la dola kwa msambazaji ni kinyume: lilimwelemea dola ilipopanda, likampungukia iliposhuka. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, andika kando ya kila deni ni la sarafu gani na litalipwa lini.