Batri Ikinuka Sawa Yai Lililooza, Usikimbilie Kuvuta Waya



Katika depo nyingi za kahawa na za mahindi siku hizi kuna plaki ya jua juu ya bati, na ndani kuna batri moja kubwa na nzito inayowasha taa na kusharji telefone za watu. Kwenye meza ileile utakuta batri ndogo: za telefone, za taa za mkono, na pengine ya mizani. Zote tunaziita batri, lakini hazifanane. Ile kubwa mara nyingi ni ya risasi na asidi, sawa ya gari. Zile ndogo mara nyingi ni za litiamu. Siku moja yao inapoharibika, kile kinachookoa kwa moja kinaweza kuua kwa ingine. Hapa tutakaa zaidi na ile kubwa, juu njo yenye watu wanakosea sana.

Tuchukue depo moja ya kahawa upande wa Kalehe. Ilikuwa yapata saa tano ya asubuhi, jua kali. Mlinzi wa depo alifungua mlango akakutana na harufu sawa ya mayai yaliyooza. Alifikiri ni panya amekufa nyuma ya magunia. Alipokaribia kona ya batri akasikia inatokota kidogo kidogo, sawa chungu cha maharagi, na pembeni ya plastiki ilikuwa imevimba. Akanyoosha mkono ili avute ile klipsi ya waya juu ya batri. Mama sekretere, aliyekuwa mlangoni, akapiga kelele: « Papa, acha! Usiguse ile waya! Toka kwanza! »

Mama alikuwa na haki, na tueleze sababu. Batri ya risasi inaposharjiwa kupita kipimo, kuran inavunja maji yaliyo ndani na kutoa gazi mbili, hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Na hakuna fasi inayotoa cheche kwa urahisi sawa klipsi inayovutwa wakati kuran ingali inapita. Cheche inatokea hasa pale gazi inapotoka, uso wa mtu ukiwa karibu. Batri inapasuka, na asidi inaruka machoni.

Basi ile harufu ya mayai ni nini? Ni gazi ya tatu, yenye salfa, inayotoka wakati batri imechoka ao imepata moto sana. Ile nayo ni sumu. Tena ina ujanja mubaya: ikiwa nyingi inalegeza pua, mtu anaacha kuisikia na anadhani imekwisha. Kwa hiyo, usitumie pua kama kipimo cha kurudi ndani. Hidrojeni ni nyepesi, inapanda chini ya bati. Hii ya salfa ni nzito kuliko hewa, inakaa chini karibu na sakafu. Mlango na madirisha yote vinapashwa kufunguliwa, na kama kuna tundu la hewa karibu na bati, lisizibwe na magunia.

Pale Kalehe walifanya hivi. Watu wote walitoka. Mlango waliuacha wazi kabisa. Hakuna aliyewasha ao kuzima taa, kwa sababu swichi nayo inatoa cheche ndogo; taa iliyokuwa inawaka waliiacha iwake. Telefone na sigara zilibaki nje. Kisha wakachukua bashi nene, ile ya kuanikia kahawa, wakafunika plaki yote. Plaki isipoona jua haitoi kuran, na batri inaacha kusharjiwa bila mtu kuigusa. Tunaipenda njia hii kuliko zote, kwani inafanyika nje, mbali na gazi. Kwao plaki ilikuwa juu ya kibanda kifupi. Kama yenu iko juu ya bati refu, hakuna haja ya kupanda mbio na kuvunjika mguu: wekeni swichi ya kukata waya ya plaki kwenye ukuta wa nje, na mfundishe watu wawili watatu kuitumia.

Kuna jambo moja hapa la kuangalia. Kama depo yenu ina batri mbili zilizounganishwa pamoja, nguzo ya kuongeza kwa kuongeza na ya kutoa kwa kutoa, kufunika plaki haitoshi. Batri nzima itaendelea kumwaga kuran yake ndani ya mgonjwa na kumpasha moto. Hapo funikeni plaki, fungueni milango, watu wakae mbali, na mwite fundi. Dawa ya kweli inawekwa kabla ya hatari: kila batri iwe na fuze yake.

Baada ya kufunika plaki walingoja. Hapa ndipo watu wengi wanakosa uvumilivu, hasa kama kuna kahawa ya kupima siku ile. Chumba kipate hewa saa nzima kwa uchache, na batri yenyewe iachwe mpaka ipoe. Hiyo inaweza kuchukua siku nzima, juu risasi na asidi vinashika joto muda mrefu. Usiimwagie maji ili ipoe haraka. Usifungue vifuniko vyake. Mtu aliyevuta hewa ile na anaumwa kichwa ao anakohoa akae nje penye upepo, na kama hapati nafuu apelekwe kituo cha afya. Kama asidi imemgusa mtu ngozini, maji safi mengi yanayotiririka. Kama ni machoni, maji hayo yaendelee dakika 20 bila kusimama, jicho likiwa wazi, kisha kituo cha afya mara moja. Maji tu, si mafuta wala maziwa. Asidi iliyomwagika chini ya sakafu inaweza kunyunyiziwa majivu ya kuni, maana majivu yanapigana na asidi, kama mnavyojua katika mashamba yenye udongo mchungu. Lakini majivu ni ya sakafu, hayawekwi kwenye ngozi.

Kesho yake fundi alikuja na ganti za kauchu na miwani. Alizima kwanza kila kitu kilichokula kuran, akakata waya ya plaki, halafu njo akatoa klipsi, akianza na ile ya upande wa kutoa. Alipopima, batri ilionyesha volti 10,5. Namba ile ilisema yote. Batri ya volti 12 ina vyumba sita ndani, kila kimoja karibu volti 2,1. Ikiwa nzima na imejaa, inaonyesha karibu 12,7 ikiwa imepumzika. Kukosa volti mbili hivi maana yake ni chumba kimoja kimekufa. Lakini rigilateri haikujua. Iliendelea kusukuma mpaka volti 14,4 kama kawaida, na nguvu ile iliyopashwa kugawanywa kwa vyumba sita ikaangukia vitano. Kila kimoja kilipokea karibu volti 2,9 mahali pa 2,4. Njo ile kutokota. Batri ya namna hiyo haitengenezwi kwa kuongeza maji wala asidi. Na dalili ilikuwapo mapema: wiki kadhaa taa zilizimika mapema usiku, hata siku za jua nzuri. Mkiona hivyo, pimeni asubuhi kabla ya jua. Ikirudi kila siku karibu na 10,5, msingoje harufu.

Sasa batri ndogo, za litiamu. Hapa kuvimba njo alama kubwa. Kifuniko cha telefone kinainuka, kioo kinasukumwa. Ukiweka batri juu ya meza na kuizungusha kwa kidole, ile nzima inasimama mara moja, iliyovimba inazunguka sawa pia. Ndani imejaa gazi ambayo inawaka. Harufu yake si ya mayai. Inaelekea utamu, sawa rangi ya kucha. Kwa hii, kuchomoa sharjeri ni jambo la kwanza, na kunafaa, mradi haijatoa moshi. Kisha zima chombo. Kama haichomi mkono, ipeleke nje, mita kadhaa kutoka nyumba, magunia na majani makavu, uiweke juu ya udongo mtupu ao ndani ya sufuria ya zamani yenye mchanga mkavu. Usiifungie ndani ya boksi yenye kifuniko cha kukaza, maana gazi itatafuta njia ya kutoka. Ikiwa ya moto sana kushika, tumia chepeo.

Tunawaomba sana muache ile desturi ya kuitoboa na sindano « ili hewa itoke ». Hewa ya nje ikiingia na karatasi za ndani zikigusana, inawaka mkononi. Vilevile kuibonyeza kwa meno ao kuiweka juani ili ifufuke. Batri iliyovimba haisharjiwi tena hata mara moja.

Kama imeanza kupiga mluzi ao kutoa moshi mweupe, hakuna tena wakati wa kuibeba. Watoe watu, moshi ule ni sumu. Ikiwa imewaka na unaweza kusimama mbali, nje ya moshi, maji mengi yanasaidia, kwa sababu yanaipoza. Mchanga unazuia moto usiruke kwa magunia lakini haupozi. Hata ikizimika, iacheni nje usiku mzima. Inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Pale Kalehe, baada ya mambo haya, walihamisha batri kwenye kibanda chake pembeni, chenye matundu chini na juu. Tunasifu hilo hata kwa faida ya kahawa, kwani kahawa ya parche inanyonya harufu haraka na mnunuzi ataionja.

Ile batri ya zamani walitaka kuiuza kwa watu wa ziwani, wanaoyeyusha risasi kwa kutengeneza vizito vya nyavu. Walikatazwa. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa katika mtaa ambamo watu walivunja batri ili kupata risasi. Asidi nayo haimwagwi shambani, wala batri yoyote haitupwi chooni ao motoni. Batri ya Kalehe iliwekwa ikisimama ndani ya beseni ya plastiki, chini ya kivuli, mbali na watoto, ikingoja gari la duka lililowauzia mpya, ambalo lilikubali kuirudisha mjini.