Gemu iko chumbani, picha iko sebuleni

Mchezaji amekaa sebuleni, padi mkononi, mbele ya runinga ya inchi 55. Kompyuta yenye gemu ya mpira iko chumbani. Mshambuliaji wake amebaki yeye na kipa. Anabonyeza kitufe cha kupiga, lakini mguu unainuka wakati beki ameshafika.

Wengi hapo hulaumu bando. Lakini intaneti haihusiki kabisa. Programu ya Sunshine ikiwekwa kwenye kompyuta na Moonlight kwenye runinga, picha husafiri kutoka kompyuta hadi ruta, kisha ruta hadi runinga, bila kutoka nje ya nyumba. Hata bando likiisha, gemu isiyotegemea intaneti huendelea. Ugonjwa uko ndani ya nyumba, na ni wa muda kuliko wa kasi.

Picha yenye piseli 1920 kwa 1080, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, ingehitaji karibu megabiti 3,000 kila sekunde kama ingetumwa nzima. Waifai ya kawaida ya nyumbani haiwezi mzigo huo. Kwa hiyo kadi ya picha huibana kwanza, na runinga huifungua. Mtumiaji ndiye anayeamua ibanwe hadi megabiti ngapi kwa sekunde. Kwa picha ya ukubwa huo, Moonlight hupendekeza 20. Kwa 4K, ambayo ina piseli mara nne zaidi, hupendekeza 80.

Sasa tupige hesabu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina takriban milisekunde 17 kabla ya inayofuata kufika. Tuseme waifai ya sebuleni hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Ukichagua 20, fremu moja humaliza safari ya hewani kwa milisekunde 3 na kitu. Ukichagua 80, fremu hiyo huchukua zaidi ya milisekunde 13. Zinabaki kama 3 tu za akiba. Simu ya mtu mwingine ikianza kupakua video, au vipande vya data vikigongana hewani na kutumwa upya, akiba hiyo inaisha na fremu inachelewa. Picha inaganda, kisha inaruka.

Mzigo huongezeka maradufu kompyuta nayo ikitumia waifai ileile. Kila fremu hupita hewani mara mbili: kwanza kwenda ruta, kisha kwenda runinga, na vifaa hivyo hupokezana zamu. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kuiunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Ya pili ni kuihamishia runinga kwenye masafa ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi, lakini hujazwa na ruta za majirani, bluutuuthi na hata oveni ya maikrowevu. Ya 5 hudhoofishwa na kuta, hivyo ruta ikae karibu na runinga.

Baada ya hapo, mtandao upimwe. Kwenye kompyuta ya Windows, andika anwani ya runinga badala ya hii ya mfano:

```
ping -n 100 192.168.1.20
```

Wastani usikudanganye, tazama majibu yanavyotofautiana. Yakikaa kati ya milisekunde 2 na 6, njia ni nzuri. Yakiwa 3, 4, kisha ghafla 90, hewa imejaa, na kuongeza ubora wa picha kutazidisha tatizo.

Macho nayo hutoa dalili. Nyasi za uwanja zikigeuka madoa ya mraba kamera inapozunguka, biti ni chache: ongeza kutoka 20 hadi 30, ukipima tena. Picha ikiganda na kuruka, punguza biti au rekebisha waifai. Ikiwa picha ni laini na safi lakini mchezaji anaitikia kwa kuchelewa, itazame runinga yenyewe. Runinga nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio yake. Moonlight pia inaweza kuonyesha takwimu juu ya picha, ukiwamo muda wa kuifungua kila fremu. Muda huo ukizidi milisekunde 17, kichakataji cha runinga kimeelemewa, na dawa ni kushuka kutoka 4K.

Kwa gemu ya mpira au ya kupigana, hata piseli 1280 kwa 720 zenye megabiti 10 zinaweza kufaa kuliko 4K inayosuasua. Gemu ya mafumbo au ya kujenga miji huvumilia kuchelewa, hivyo hapo mchezaji anaweza kupandisha ubora wa picha hadi njia yake ya waifai itakapoanza kudondosha fremu, kisha arudi hatua moja.