Ankara Ikikosa Senti Moja

Duka la jumla la Baraka hupanga bei zake kwa faranga. Ofisi inayopokea fedha zake kwa dola hutaka fakture ya dola, na katika Fizi ofisi za namna hiyo si chache tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Hapo kati ya sarafu mbili ndipo ugomvi unapozaliwa. Karani anajumlisha mistari, anaona haifiki jumla iliyoandikwa chini, anairudisha karatasi. Mfanyabiashara anaapa kwamba hesabu yake ni safi. Mara nyingi wote wawili wamejumlisha vizuri.

Tuchukue ankara ya mfano, dola moja ikiwa faranga 2,800:

| Bidhaa | Faranga | Dola |
|---|---|---|
| Maharage, kilo 340 kwa 2,500 | 850,000 | 303.57 |
| Mchele, mifuko 12 kwa 60,000 | 720,000 | 257.14 |
| Mawese, bidoni 8 kwa 55,000 | 440,000 | 157.14 |
| Chumvi, mifuko 4 kwa 12,000 | 48,000 | 17.14 |
| Sabuni, katoni 10 kwa 24,000 | 240,000 | 85.71 |
| Jumla | 2,298,000 | 820.71 |

Jumlisha safu ya dola mwenyewe: utapata 820.70. Muuzaji hakuijumlisha safu hiyo. Alijumlisha faranga, akagawa kwa 2,800, akapata 820.714 na mkia wake, akaandika 820.71. Karani naye kajumlisha alichokiona.

Senti ile ilipotea kidogo kidogo. Maharage yalikuwa 303.5714, yakaandikwa 303.57. Mchele, mawese na chumvi kila kimoja kiliishia na .142857, kikaachwa na .14. Sabuni ilikuwa 85.7143. Kwa bahati mistari yote mitano ilikatwa kwenda chini, na vipande vilivyokatwa ukivikusanya vinapita senti moja kidogo. Bidhaa zingekuwa nyingine, baadhi zingepanda na baadhi zingeshuka, na huenda jumla zingelingana bila mtu kujua kwamba kuna kitu kilikatwa.

Kwa hiyo kuuliza kama jumla hizi mbili ni sawa hakumsaidii karani. Aulize kama pengo lililopo linaweza kuwa limetokana na kukadiria peke yake. Swali hilo lina jibu la hesabu. Kiasi kinapokadiriwa hadi senti iliyo karibu, hakiwezi kupotea wala kuongezeka kwa zaidi ya nusu senti. Mistari mitano inaweza kukosea kwa senti mbili na nusu, na jumla yenyewe, iliyokadiriwa mara moja, kwa nusu senti nyingine. Pengo kubwa kabisa linaloweza kusamehewa hapa ni senti 3. Senti 1 inapita. Senti 4 ni kosa la mtu, hata kama ni ndogo. Na kama kuna kodi ya TVA ya 16%, iliyoanza Kongo mwaka 2012, na muuzaji anaikokotoa mstari kwa mstari, kila mstari unaongeza nusu senti yake kwenye hesabu hiyo.

Wapo wanaopenda njia rahisi: asilimia moja, na mambo yaishe. Kwa ankara hii asilimia moja ni dola 8.21, yaani karibu katoni nzima ya sabuni. Ukadiriaji haujali ankara ni ya dola 800 au 80,000. Unajali mistari mingapi imekadiriwa. Pengo linaloruhusiwa lifuate idadi ya mistari.

Faida ya kulibana pengo hilo inaonekana kwenye kosa la kawaida kuliko yote, la kugeuza tarakimu. Mchele wa 257.14 ukinakiliwa 257.41, tofauti ni senti 27. Kosa la kugeuza tarakimu mbili jirani daima huleta tofauti inayogawanyika kwa tisa, kwa hiyo kosa dogo kabisa la namna hiyo ni senti 9. Kwa mistari mitano tunaruhusu 3, na kosa hilo haliwezi kujificha. Ankara ikifika mistari 17, tunaruhusu senti 9 kamili, na hapo mlango umefunguka kabisa. Ankara ndefu ni afadhali igawanywe, vyakula upande mmoja na vifaa upande mwingine, kila sehemu na jumla yake ndogo.

Kwenye kompyuta, ofisi nyingi za huku zina Excel ya Kifaransa. Dola zikiwa seli D2 hadi D6 na jumla D7, fomula ni hii:

```
=ARRONDI(100*ABS(SOMME(D2:D6)-D7);0)<=(NB(D2:D6)+1)/2
```

Ikijibu VRAI, ankara inapita; ikijibu FAUX, haipiti. Ile 100 inageuza dola kuwa senti, na ARRONDI inazifanya senti kamili. Si urembo. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 820.71 haikai humo kikamilifu, kama theluthi moja isivyokaa kamili kwenye desimali zetu. Ukitoa 820.70 kwenye 820.71 hupati 0.01 safi bali kitu kilicho karibu nayo sana, na pengo lililo mpakani kabisa linaweza kukataliwa kwa kosa la mashine. Senti kamili hazina shida hiyo.

Kuna ukadiriaji mmoja ambao fomula hii haiujui, nao ndio unaoleta kelele kubwa dukani. Muuzaji akigeuza kwanza bei ya kilo, maharage ya faranga 2,500 yanakuwa dola 0.892857, naye anaandika 0.89. Mara 340 ni dola 302.60, si 303.57. Senti 97 zimeyeyuka, kwa sababu nusu senti inayoweza kukosewa kwenye bei inazidishwa kwa idadi ya kilo. Kwa kilo 340 inaweza kufika dola 1.70. Usipanue pengo linaloruhusiwa hadi lifunike hilo, maana utafunika na mengine. Mwombe aandike bei ya kimoja kwa tarakimu nne baada ya nukta, 0.8929: maharage yatatoka 303.59, pengo la senti 2 tu. Au, bora zaidi, abaki na faranga hadi mwisho wa mstari ndipo ageuze.

Mimi ningeongeza safu moja kwenye daftari: pengo la kila ankara pamoja na alama yake, kuongeza au kupunguza. Mapengo ya kukadiria huyumba, leo yanampendelea muuzaji, kesho mnunuzi. Muuzaji ambaye kila ankara yake imezidi kwa senti 2 au 3, mwezi baada ya mwezi, ana namna ya kukadiria inayopanda juu tu, na hilo fomula ya ankara moja moja haitaliona kamwe. Huenda ni mashine yake tu iliyopangwa vibaya, lakini aulizwe.

Na ankara iliyoandikwa kwa faranga peke yake? Sentimu hazitembei tena sokoni, bei zote ni faranga kamili, hakuna kilichogawanywa wala kukatwa. Huko pengo linaloruhusiwa ni sifuri. Ikipungua au kuzidi hata kwa faranga 50, karatasi irudi dukani.